Anwani pepe, jedwali la kurasa na TLB: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yote hapa chini yanarudi kwenye mashine moja ndogo ya kubuni, ndogo kiasi kwamba unaweza kuifuatilia kwa kalamu. Mashine halisi nimezigusa pale tu zinapotofautiana na hiyo kwa namna inayobadilisha jibu.

Kwa nini programu isipewe tu anwani halisi za kumbukumbu?

Inawezekana, na kompyuta za mwanzo zilifanya hivyo. Tabu ni kwamba programu mbili zikikaa kwenye kumbukumbu moja, kila moja lazima ijue mwenzake kaishia wapi, na hakuna kinachoizuia moja kuandika juu ya nyingine. Mwaka 1962, kompyuta ya Atlas ya Chuo Kikuu cha Manchester ilileta njia nyingine: programu inataja anwani yake yenyewe, na mashine inaigeuza kuwa anwani halisi wakati ileile inapotumika. Anwani anayoiona mwandishi wa programu ndiyo anwani pepe. Ukichapisha kielekezi katika programu ya kawaida ya C, namba unayoiona ni pepe. Ile halisi huioni kabisa.

Mashine yetu ya mfano ikoje?

Anwani pepe zina biti 12, yaani kutoka `0x000` hadi `0xFFF`. Ukurasa una baiti 256. Kwa hiyo programu ina kurasa 16, kuanzia ukurasa 0 hadi ukurasa F.

Kumbukumbu halisi ni baiti 2,048 tu. Nayo imekatwa vipande vya baiti 256, na kila kipande kinaitwa fremu. Fremu ziko 8, kuanzia 0 hadi 7. Ukurasa ni kitu cha upande wa programu, fremu ni kitu cha upande wa chipu za kumbukumbu, na kazi nzima ya kutafsiri ni kujibu swali moja: ukurasa huu uko kwenye fremu ipi?

Nimechagua baiti 256 kwa makusudi. Tukiandika anwani kwa namba za msingi wa 16, tarakimu ya kwanza inakuwa namba ya ukurasa, na tarakimu mbili za mwisho zinakuwa mahali ndani ya ukurasa huo. Tarakimu ya kwanza nitaiita kichwa, na zile mbili nitaziita mkia. Katika `0x3FE`, kichwa ni 3 na mkia ni `FE`.

Jedwali la kurasa lina maingizo 16, moja kwa kila ukurasa, na kila ingizo ni baiti 1. Limewekwa kwenye anwani halisi `0x020`. Tarakimu ya kwanza ya ingizo ni namba ya fremu. Ya pili inabeba alama mbili: 1 maana yake ukurasa upo kwenye kumbukumbu, 2 maana yake unaruhusiwa kuandikwa, na zote mbili kwa pamoja ni 3.

```
ukurasa   ingizo liko   thamani
0         0x020         0x51
1         0x021         0x21
3         0x023         0x63
4         0x024         0x00
F         0x02F         0x13
```

Kurasa 0 na 1 ni amri za programu, ndiyo maana haziandikwi. Kurasa 3 na 4 ni data. F ni rafu. Maingizo mengine yote ni `0x00`.

Anwani moja inatafsiriwaje, hatua kwa hatua?

Programu inataka kusoma `0x3FE`. Prosesa inaikata: kichwa 3, mkia `FE`. Inachukua mwanzo wa jedwali, `0x020`, inajumlisha 3, inapata `0x023`, inasoma pale na kukuta `0x63`. Alama zinasema ukurasa upo na unaruhusiwa. Fremu ni 6. Kichwa cha zamani kinaondolewa, 6 inakaa mahali pake, mkia unabaki ulivyo, na anwani halisi ni `0x6FE`. Sasa ndipo data inaposomwa.

Hakuna fomula iliyofichwa humo. Ni kuangalia mara moja kwenye jedwali na kubandika namba mbili pamoja.

Mbona mkia hautafsiriwi?

Kwa sababu ukurasa na fremu vina ukubwa uleule, na fremu huanza kila mara kwenye kizidisho cha 256. Baiti ya 254 ya ukurasa ni baiti ya 254 ya fremu, hata ukurasa ukihamishwa mara ngapi. Tungetafsiri kila baiti peke yake, jedwali lingekuwa na maingizo 4,096 badala ya 16, yaani kubwa kuliko kumbukumbu nzima ya mashine hii.

Jedwali lenyewe liko kwenye kumbukumbu. Nani anatafsiri anwani ya jedwali?

Hakuna. Rejista inayoshika mwanzo wa jedwali inashika anwani halisi. Ingeshika anwani pepe, prosesa ingehitaji jedwali ili ilifikie jedwali, na isingemaliza kamwe. Kwenye prosesa za x86 rejista hiyo ni `CR3`, na kwenye RISC-V ni `satp`.

Hili linaonekana dogo mpaka uandike kerneli yako mwenyewe. Mimi nilipoandika ya kwanza, niliweka ndani ya `CR3` kielekezi cha jedwali kama C ilivyonipa, nikasahau kwamba wakati huo kerneli yangu ilishahamia kwenye anwani pepe. Mashine haikutoa ujumbe wowote. Ilijiwasha upya, ikajiwasha upya tena, bila kukoma. Sababu ni kwamba prosesa ilisoma takataka kama jedwali, ikashindwa kuifikia amri inayofuata, ikajaribu kumwita mshughulikiaji wa hitilafu, na mshughulikiaji naye yuko kwenye anwani pepe isiyofikika. Ukiona kerneli mpya inajiwasha upya kimyakimya dakika ileile unapowasha kurasa, anzia hapo.

TLB inaingia wapi?

Hesabu tulichofanya juu: ili kusoma baiti moja, tumekwenda kwenye kumbukumbu mara mbili, mara moja kwa jedwali na mara moja kwa data. Kila programu ingeendeshwa kwa karibu nusu ya kasi yake. TLB ni kumbukumbu ndogo sana ndani ya prosesa inayoshika majibu ya hivi karibuni: ukurasa fulani, fremu fulani, ruhusa fulani. Haishiki data ya programu, na hapa ndipo wengi wanapoichanganya na kache ya kawaida.

Tuipe mashine yetu TLB ya nafasi 2. Ikijaa, jibu ambalo halijatumika kwa muda mrefu zaidi ndilo linaloondolewa. Programu ina mzunguko wa amri moja ya baiti 1 iliyoko `0x012`: inasoma baiti ya data, inasogeza kielekezi mbele kwa moja, inajirudia. Kielekezi kinaanzia `0x3FE`, na amri huchukuliwa upya kutoka kumbukumbu kila mzunguko.

```
     anwani pepe   TLB       matokeo
1    0x012         imekosa   jedwali: 0 -> 5, halisi 0x512
2    0x3FE         imekosa   jedwali: 3 -> 6, halisi 0x6FE
3    0x012         imepata   0x512
4    0x3FF         imepata   0x6FF
5    0x012         imepata   0x512
6    0x400         imekosa   jedwali: 0x00, hitilafu
7    0x012         imepata   0x512
8    0x400         imekosa   jedwali: 4 -> 3, halisi 0x300
```

Angalia mstari wa 4 na wa 8. Kwa programu, `0x3FF` na `0x400` ni majirani. Kwenye kumbukumbu halisi moja iko `0x6FF` na nyingine `0x300`. Safu ya data inayoonekana imenyooka kwa mwandishi wa programu imetawanyika kabisa huko chini, na yeye hana habari.

Kati ya mstari wa 6 na wa 8 kumetokea nini?

Ingizo la ukurasa wa 4 lilikuwa `0x00`, alama ya kuwepo haipo. Prosesa haijui maana ya hilo, wala si kazi yake kujua. Inasimamisha amri katikati, inahifadhi anwani iliyoleta shida, inaingia kwenye kerneli. Hii ndiyo hitilafu ya ukurasa.

Kerneli ina daftari lake tofauti linalosema programu hii imeahidiwa kurasa zipi. Inakuta ukurasa wa 4 ni halali, ila haujawahi kuguswa. Inatafuta fremu iliyo wazi, inapata fremu 3, inaijaza sufuri (au inaijaza kutoka diski, kama ukurasa ulikuwa umehifadhiwa huko), kisha inaandika `0x33` kwenye `0x024`. Inairudisha programu kwenye amri ileile. Ndiyo maana mstari wa 7 unachukua tena `0x012`: amri inaanza upya kana kwamba hakuna lililotokea. Nachukulia kwamba kerneli ya mashine hii hufanya kazi kwa anwani halisi moja kwa moja, kwa hiyo haikugusa TLB.

Mstari wa 8 TLB imekosa tena, na watu huuliza kwa nini, wakati ukurasa huo umetoka kutafutwa. Kwa sababu katika mstari wa 6 hapakuwa na jibu la kuhifadhi. Mashine yetu, kama prosesa za Intel, haihifadhi kwenye TLB ingizo linalosema "haupo". Safari hii jibu lipo, linaingia, na linamwondoa ukurasa wa 3, kwa kuwa ukurasa wa 0 umetumika karibuni zaidi.

Kwa hiyo hitilafu ya ukurasa si kosa la programu?

Mara nyingi si kosa. Ni njia ya kawaida ya kerneli kuchelewesha kazi hadi ihitajike. Inakuwa kosa pale ambapo daftari la kerneli halina ahadi yoyote kuhusu anwani hiyo, mfano programu yetu ingesoma `0x900`, au pale inapoandika mahali pasiporuhusiwa, mfano `0x012`. Hapo Linux huituma programu ishara ya `SIGSEGV`, na kwenye skrini unasoma `Segmentation fault`. Prosesa ilifanya kitu kilekile katika hali zote hizi. Hukumu ni ya kerneli.

TLB ilisaidia kiasi gani katika mfano huu?

Safari za data na amri zilizofanikiwa ni 7, na safari za jedwali ni 4. Jumla 11. Bila TLB, jedwali lingesomwa mara 8, jumla 15. Faida inaonekana ndogo kwa sababu tumekata mfano mapema mno. Mzunguko ukiendelea hadi mwisho wa ukurasa wa 4, baiti 255 zilizobaki zitasomwa bila kukosa hata mara moja. Kukosa mara moja kwa kila baiti 256 ni gharama isiyoonekana.

Sasa badilisha programu kidogo tu, isome baiti moja kutoka ukurasa wa 3, moja kutoka wa 4, kwa zamu. Kurasa zinazotumika ni 0, 3, 0, 4, 0, 3, 0, 4. Ukurasa wa 0 hautoki kamwe, lakini 3 na 4 wanagombea nafasi moja iliyobaki, na kila mmoja anaondolewa muda mfupi kabla hajahitajika. Kila kusoma data ni kukosa. Programu ina data ileile, idadi ileile ya amri, na TLB haiisaidii chochote upande wa data.

Kerneli ikibadilisha jedwali, TLB hujuaje?

Haijui. Kama utachukua jibu moja tu kwenye ukurasa huu, chukua hili, maana humu ndimo hitilafu mbaya kuliko zote za eneo hili zinamozaliwa.

Turudi kwenye hali baada ya mstari wa 4, TLB ikiwa inashika `0 -> 5` na `3 -> 6`. Tuseme kerneli inaihitaji fremu 6. Inanakili yaliyomo kwenye diski, inaandika `0x00` kwenye `0x023`, na kuigawa fremu 6 kwa programu nyingine. Jedwali liko sahihi kabisa. Programu ya kwanza inaandika kwenye `0x3FE`. TLB inalo jibu, kwa hiyo jedwali halisomwi. Baiti inaandikwa kwenye `0x6FE`, ndani ya data ya programu ya watu wengine. Hakuna hitilafu iliyopigwa, hakuna ujumbe, na atakayeanguka ni yule asiye na kosa, labda dakika nzima baadaye.

Kwa hiyo kerneli ikiondoa ukurasa, au ikipunguza ruhusa zake, lazima iifute TLB kwa amri maalumu kabla ya kuigawa upya fremu. Kwenye x86 amri ya kufuta ukurasa mmoja ni `invlpg`, kwenye RISC-V ni `sfence.vma`. Mpangilio ni huu na haupinduliwi: badilisha ingizo, futa TLB, ndipo uigawe fremu. Ukigawa kwanza, umeacha dirisha wazi.

Upande wa pili una nafuu. Kerneli ikiongeza ruhusa, jibu la zamani kwenye TLB likiwa na ruhusa ndogo zaidi litaleta hitilafu moja isiyo ya lazima. Kerneli inaangalia, inakuta jedwali linaruhusu, inarudisha programu. Umepoteza muda kidogo, hujapoteza data.

Dalili za jibu lililochacha kwenye TLB ni za kukatisha tamaa: kosa halirudii mahali pamoja, na ukiongeza mistari ya kuchapisha ujumbe linapotea. Linapotea kwa sababu amri za ziada zinagusa kurasa za ziada, na kurasa hizo zinalisukuma nje jibu bovu. Jaribio ninalolitumia ni kuifuta TLB yote kila mara jedwali linapoguswa. Kosa likikoma kabisa, kuna mahali ufutaji umesahauliwa, na sasa ni kazi ya kupunguza eneo la kutafuta.

Na kama prosesa ina viini vingi?

Kila kiini kina TLB yake, na kwenye x86 `invlpg` inafuta ya kiini kinachoiendesha tu. Kerneli inalazimika kuvikatiza viini vingine vinavyoendesha programu hiyo, vifute TLB zao, kisha ingoje vyote vijibu kabla ya kuigawa fremu. Ndiyo sababu programu yenye nyuzi nyingi inayoita `munmap` mfululizo inaweza kuwa nzito kuliko unavyotarajia: kila mwito mmoja unaweza kuwasimamisha majirani wote.

Programu zikibadilishana zamu, TLB inafutwa yote?

Zamani, ndiyo. Ukurasa wa 3 wa programu moja si ukurasa wa 3 wa nyingine, na majibu yasingeweza kukaa pamoja. Siku hizi prosesa nyingi huambatisha namba ya utambulisho kwa kila jibu, na jibu linatumika tu kama namba yake inalingana na ya programu iliyo kwenye zamu. ARM huiita ASID, Intel huiita PCID.

Mashine halisi zinatofautiana vipi na mfano huu?

Zaidi ya ukubwa, tofauti ni umbo la jedwali. Kwenye x86-64 ya kawaida anwani pepe ina biti 48 na ukurasa una baiti 4,096, hivyo mkia ni biti 12 na kichwa ni biti 36. Jedwali bapa kama letu, lenye maingizo ya baiti 8, lingekuwa na gigabaiti 512 kwa kila programu. Badala yake kichwa kinakatwa vipande vinne vya biti 9, na jedwali linakuwa mti wa ngazi nne. Kila jedwali dogo lina maingizo 512 na linajaa fremu moja kamili. Matawi yasiyotumika hayajengwi.

Bei yake ni kwamba kukosa kwenye TLB sasa ni kusoma mara nne, si mara moja. Kwa bahati maingizo ya jedwali nayo huingia kwenye kache za kawaida, hivyo mara nyingi safari hizo hazifiki kwenye kumbukumbu kuu.

Nitajuaje kama programu yangu inaumizwa na TLB?

Tazama mzunguko huu, ambapo `a` ni safu ya mistari 4,096 yenye namba 1,024 za baiti 4. Kila mstari ni baiti 4,096, yaani ukubwa wa ukurasa mmoja kamili.

```c
for (j = 0; j < 1024; j++)
    for (i = 0; i < 4096; i++)
        jumla += a[i][j];
```

Kila hatua ya ndani inaruka ukurasa mzima. TLB yenye nafasi 64 inafunika kilobaiti 256 tu za kurasa hizo, na safu ina megabaiti 16. Ni ule ugomvi wa kurasa 3 na 4, umekuzwa. Kwenye Linux unaweza kuhesabu:

```
perf stat -e dTLB-loads,dTLB-load-misses ./programu
```

Geuza mizunguko, `i` nje na `j` ndani, uhesabu tena. Usitegemee saa peke yake, kwa sababu mpangilio mbaya huumiza kache ya data pia, na huwezi kutenganisha viwili hivyo kwa kuangalia sekunde. Ndani ya mashine pepe unaweza kukuta `<not supported>` mahali pa namba. Na ukishangaa kwamba namba za kukosa ni ndogo kuliko hesabu yako, huenda kerneli imekupa kurasa kubwa za megabaiti 2 bila kukuambia: nafasi moja ya TLB hapo inafunika mara 512 ya ukurasa wa kawaida, na safu nzima inaenea kwenye nafasi 8 au 9. Soma faili hili uone mpangilio wa sasa:

```
cat /sys/kernel/mm/transparent_hugepage/enabled
```

Neno lililo ndani ya mabano ya mraba ndilo linalotumika. Likiwa `[always]`, weka `never` kwa muda kama msimamizi wa mashine, pima upya, kisha rudisha kama lilivyokuwa.